Eti balbu inaungua kwa sababu NAIWASHA!

Mpangaji_Mchovu: Wakuu, naandika hapa vidole vinatetemeka kwa hasira. Yule mwenye nyumba mnamjua. Msijifanye hamumjui, wote ni yule yule, shati vifungo wazi, funguo zinalia kiunoni kama za bwana jela.

Taa ya sebuleni inaungua. Naweka mpya, nayo inaungua. Nimenunua za bei chee, nimenunua za bei mbaya zenye waranti kwenye boksi, zote zinafia palepale. Chumbani kuna balbu ya aina hiyohiyo, inadunda tu. Nimeshazika balbu za kutosha kuwasha Uwanja wa Mkapa hadi dakika za nyongeza.

Leo nikamwita aje aone mwenyewe. Kasimama mlangoni, wapangaji wote wako uani wanafua, kasema kwa sauti ya mnadani: "Kijana, balbu inaungua kwa sababu unaiwasha." UNAIWASHA! Kwani nilinunua niivalishe kofia? Mama wa chumba cha pili kacheka mpaka ndoo imemtoka.

Unaiwasha. Mtu mzima, mvi kichwani.

Kiroboto: Mzee hajakosea lakini. Zima, utaona kama itaungua 😂

Mpangaji_Mchovu: Kumbe mwanawe uko humu.

Babu_Volti: Hapo shida ni umeme kupanda na kushuka. Balbu haivumilii. Nunua kifaa cha kulinda umeme, mambo yataisha.

Fundi_wa_Uswazi: Babu, umeme kupanda kweli unaua balbu, ila umeme wa nyumba nzima hauwezi kuchagua sebule ukaacha chumba. Mleta uzi, kabla haijafa huwa inafanyaje? Na ni ya pini au ya kuzungusha?

Mpangaji_Mchovu: Ya pini. Inachezacheza na kulia zzzz. Nikiigusa kwa ufagio inatulia. Halafu linakuja jitu linaniambia UNAIWASHA.

Fundi_wa_Uswazi: Basi anza na holda. Ndani ya holda ya pini kuna vichwa viwili vinavyosukumwa na springi ili vikandamize kitako cha balbu. Holda ikishachemshwa miaka mingi na zile balbu za zamani za wati 100, springi zinachoka. Kichwa hakikandamizi tena, kinagusa na kuachia, na kila kikiachia kinatoa cheche. Huo ndio mlio unaousikia. Balbu za ledi zina kisakiti kidogo ndani, na umeme ukikatika na kurudi mfululizo kinapigwa kila mara mpaka kinakufa.

Chukua balbu iliyokufa uangalie kitako. Vile vidoa viwili vya risasi vikiwa na weusi au vishimo, ujue cheche zilikuwa hapo. Kisha zima mein swichi. Usiamini swichi ya ukutani, nyumba nyingi za kupanga ilifungwa kwenye waya usio na moto, taa inazima huku holda ina moto bado. Pima na testa. Halafu sukuma vichwa vya holda kwa bisibisi. Kimoja kikibaki ndani au kikirudi kivivu, holda imekwisha.

Kiroboto: Si anaivuta tu kile kichwa kwa koleo kirudi nje?

Fundi_wa_Uswazi: Kitarudi, kisha kitazama tena kikipata joto. Badilisha holda. Na ukiifungua cheki skrubu zinazobana waya. Zikilegea, nazo zinaleta cheche hizohizo, na holda mpya itakufa vilevile. Waya ukiwa umekauka na kuvunjika ganda, kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa ndipo ubane. Kama waya hautoshi au mikono inatetemeka kama ulivyosema, ita fundi.

Dada_Sinza: Taa yako ina kile kibakuli cha kioo kinachofunika? Yangu ilikuwa inaungua hivyohivyo, holda nzima kabisa. Joto lilikuwa linakosa pa kutokea. Nilivua kibakuli, ikapona.

Mpangaji_Mchovu: Kibakuli kipo 😳 Na kitako nimekitazama sasa hivi, doa moja jeusi tii, lina kishimo.

Dada_Sinza: Anza na kibakuli, ni bure.

Fundi_wa_Uswazi: Joto halichimbi kishimo, dada. Ila kivue tu, hakuna hasara.

Mpangaji_Mchovu: Na holda analipa nani? Nikimpelekea risiti atasema imechakaa kwa sababu NAITUMIA.

Kiroboto: Na kodi inaisha kwa sababu unaishi 😂😂

Mama_Vitenge: Nyie mna bahati. Wa kwangu luku ni moja, vyumba sita, na yeye ana friji la kuuzia barafu. Tunachanga sawa kwa sawa!

Babu_Volti: Friji la barafu linashusha umeme wa nyumba nzima, nilisema mimi.

Dada_Sinza: Mama Vitenge, barafu anauza shilingi ngapi?

Mama_Vitenge: Mia mbili, na sisi wapangaji hatupunguziwi hata hamsini!

Kiroboto: Fungua uzi wako mama, huu tumeshauteka.