Programu ya boda inakula betri barabarani, lakini mezani haili. Naipimaje?

KodiYaNgara: Wadau, habari za jioni. Nimeunda programu ya kampuni ndogo ya kupeleka mizigo hapa Nairobi. Simu ikiwa mfukoni mwa mwendesha boda, programu huendelea chinichini na kutuma mahali alipo kila sekunde 30. Waendeshaji wanalalamika kwamba saa nane mchana betri imekufa, na bando nayo inaliwa. Nikiipima mezani, simu ikiwa kwenye waya wa kompyuta na waifai ya ofisi, kutwa nzima sioni kitu. Nipime vipi?

ShiruBando: Pole. Hata bando yangu ilikuwa ikiisha nikiwa nimelala, kumbe picha zinajihifadhi mtandaoni. Zima hiyo.

FundiLuthuli: Shiru, anauliza juu ya programu aliyoiunda mwenyewe. Kodi, mlaji ni GPS. Punguza usahihi wa mahali, shida itaisha.

MpimajiPangani: Fundi, GPS inakula kweli, lakini tupime kwanza. Mezani hukupima kitu kile kile. Simu ikiwa inachaji, Android haihesabu muda huo kama matumizi ya betri. Waifai nayo inakufichia redio ya mtandao wa simu. Hiyo ukiiamsha kutuma ujumbe mdogo tu, hailali papo hapo. Kwenye 4G hubaki macho kama sekunde 10, kutegemea mtandao.

Chaji hadi 100, futa hesabu za zamani, kisha chomoa waya:

```
adb shell dumpsys batterystats --reset
```

Zima waifai, nenda barabarani skrini ikiwa imezimwa. Siku moja programu iwe imesimamishwa, siku nyingine iwe kazini, simu ileile, laini ileile, njia ileile, kwa sababu penye mtandao hafifu redio hutumia nguvu zaidi. Ukirudi, andika asilimia iliyobaki, ndipo uchomeke waya na kuchukua ripoti hapohapo. Ukiiacha ijae chaji kisha uichomoe, hesabu zinaanza upya.

```
adb shell dumpsys batterystats com.mfano.boda
```

Tafuta "Mobile radio active". Zile mAh za ripoti ni makadirio ya jedwali la mtengenezaji wa simu, na wengine hulijaza ovyo. Mimi huamini tofauti ya asilimia kati ya siku hizo mbili.

KodiYaNgara: Nimerudi. Ngara hadi Roysambu, kwenda na kurudi, saa 6 kila siku. Bila programu betri ilishuka kutoka 100 hadi 81. Programu ikiwa kazini, hadi 54. Redio inasema 2h 11m, na data ya chinichini ni MB 4.4.

MpimajiPangani: Basi programu imekula asilimia 27, na redio inajieleza yenyewe. Kila sekunde 30 kwa saa 6 ni mara 720. Zidisha kwa sekunde 10, unapata saa 2. Ujumbe wako una ukubwa gani?

KodiYaNgara: Kama baiti 200.

MpimajiPangani: Hizo mara 720 ni KB 144 tu. MB 4 zilizobaki ni za kufungua muunganisho mpya kila mara, seva na simu zikitambuana upya. Kusanya nukta 10 za mahali, utume pamoja kila dakika 5. Utatuma mara 72 tu, redio macho kama dakika 12.

FundiLuthuli: Na GPS je? Mbona umeiruka?

MpimajiPangani: Sijairuka. Kodi, tengeneza toleo linalotuma mahali pa kubuni bila kugusa GPS, ulipitishe njia hiyohiyo. Asilimia zitakazopungua kwenye zile 27 ndizo za GPS.

AkinyiSeva: Kabla ya yote, ni nukta ngapi zilifika kwenye seva? Kuna simu zinazoua programu za chinichini ili kuokoa betri. Unaona betri imekaa vizuri, unafurahi, kumbe programu ilikufa saa tatu asubuhi.

KodiYaNgara: Zimefika 703, kwa hiyo ilikuwa hai. Ila hizo dakika 5 bosi hatazikubali. Mteja anataka kuona boda ikisogea kwenye ramani. Na MB 4 haziwezi kumaliza bando ya mtu!

AkinyiSeva: Tuma kila sekunde 30 akiwa amebeba mzigo tu. Akiwa anangoja steji, dakika 5 zinatosha. Bando nayo, angalia data inayotumika skrini ikiwa imewashwa. Ramani yako inapakuliwa upya kila ikifunguliwa?

KodiYaNgara: Siku za jaribio sikuifungua kabisa. Kesho naomba simu ya mwendesha boda mmoja nisome hesabu zake. Lile toleo lisilo na GPS nitalipitisha Jumamosi.

FundiLuthuli: Lete majibu hapahapa. Mimi bado nasema GPS.