Tupeane uzoefu: ofisi inawarudishiaje hela ya vocha, nauli na intaneti ya nyumbani?

Mpigasimu
Wakuu habari za kazi. Mimi niko mauzo, wateja wote nawapigia kwa simu yangu na laini yangu, halafu siku mbili kila wiki nafanyia kazi nyumbani kwa intaneti ninayolipia mwenyewe. Juzi nimepeleka klaimu, nikaambatanisha risiti ya intaneti ya mwezi mzima, ikarudi na kalamu nyekundu pembeni "matumizi binafsi je?". Nikaenda kwa meneja, naye ananiambia intaneti ungelipia tu hata kama usingekuwa na kazi hii. Sasa nyie wenzangu hesabu mnaipigaje mpaka inapita?

Kidomo
Mkuu mbona unajitesa, kata nusu kwa nusu, andika asilimia 50 peleka. Mimi naweka na skrinshoti ya ile meseji ya kununua bando na klaimu yangu haijawahi kukataliwa. Kwanza sheria inasema mwajiri lazima alipe kila kitu cha kazi.

Mama Hesabu
Kidomo kuna mhasibu anakupenda huko kwenu 😀 Mimi nimekaa upande wa pili, mimi ndio ninayepokea hizo klaimu. Nusu kwa nusu isiyo na maelezo naipitisha kama kiasi ni kidogo na sina muda, lakini siku wakija wakaguzi hiyo ndio wanaanza nayo. Skrinshoti ya bando inanionyesha kwamba hela ililipwa na lini, hainionyeshi ilitumika kwa kazi gani wala nani alikuruhusu. Na hiyo ya sheria usiseme kwa wote, kuna nchi imeandikwa wazi na kuna kwingine inategemea mkataba wako na sera ya ofisi, ukienda na mdomo wa sheria ambayo haipo unachekwa.

Mpigasimu, hoja ya meneja wako ya "ungelipia tu" ni ya zamani sana. Mahakama ya rufaa ya California iliikataa mwaka 2014 kwenye kesi ya wafanyakazi waliokuwa wakipiga simu za kazi kwa simu zao, ikasema hata kama mtu ana kifurushi cha kuongea bila kikomo na hakuongeza senti, mwajiri analipa sehemu ya bili inayoendana na kazi. Hiyo ni ya kwao na sheria yao, haimbani bosi wako, ila neno "sehemu" ndio la kushika. Ulipeleka risiti nzima ndio maana ikarudi.

Mpigasimu
Asante dada, sasa hiyo sehemu naitoa wapi?

Mama Hesabu
Njia ziko mbili na hazitoi jibu moja. Ya kwanza ni ya GB. Ruta nyingi ukiingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio unakuta orodha ya vifaa na kila kimoja kimekula kiasi gani. Tuseme mwezi huu nyumba imetumia GB 160 na kompyuta ya kazi imekula GB 48, hiyo ni asilimia 30. Ya pili ni ya saa. Siku 8 nyumbani kwa mwezi mara saa 8 ni saa 64, ukichukulia watu wa nyumbani wako macho saa 16 kwa siku, mwezi wa siku 30 ni saa 480, unapata kama asilimia 13.

Umeona tofauti? GB zinakubeba kama kazi yako ni mikutano ya video, zinakuumiza kama kazi yako ni barua pepe na watoto wanaangalia filamu, kwa sababu filamu moja inameza barua pepe za mwezi. Chagua moja, pima mwezi wa kawaida usio na pilika za ajabu, mwandikie meneja akubali kwa maandishi, halafu kaa na asilimia hiyohiyo. Mtu anayekuja mwezi huu na GB mwezi ujao na saa kulingana na ipi imetoka kubwa huyo namjua kwa jina.

Na jambo moja watu hawalijui, kama ulikuwa kifurushi cha chini ukapanda cha juu kwa sababu mikutano ilikuwa inakatika, ile tofauti ya bei yote ni ya kazi. Weka risiti ya mwezi kabla ya kupanda na ya mwezi baada. Hapo hata meneja wako hana pa kusema ungelipia tu.

Asubuhi Njema
Sisi tunaumia na nauli. Kila siku nyumbani kazini, kazini nyumbani, nusu ya mshahara inaishia barabarani na nikiomba warudishe wananiangalia kama nimechanganyikiwa.

Dada wa Faili
Pole ndugu yangu, ila hiyo ni nyingine, nauli ya kufika kazini mara nyingi wanaihesabu ni yako labda mkataba useme vingine. Inayorudishwa ni ya kutoka ofisini kwenda kwa mteja. Ambayo mimi sijaelewa mpaka leo ni ukitoka nyumbani moja kwa moja kwa mteja, kwetu wanalipa yote, alikokuwa dada yangu wanalipa kile kilichozidi nauli yake ya kawaida tu.

Na kwa vyombo visivyotoa risiti mimi nina daftari, tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, kumwona nani, kiasi, na najaza siku hiyohiyo.

Mama Hesabu
Siku hiyohiyo, sikilizeni hapo. Daftari lililojazwa mwisho wa mwezi linajulikana hata kabla hujalisoma, mwandiko mmoja, wino mmoja, kiasi zote zinaishia na sifuri. Niliwahi kukuta safari ya kwa mteja tarehe ambayo mwenyewe alikuwa likizo na fomu ya likizo ninayo mimi mwenyewe kwenye faili lingine.

Laini Mbili
Sisi walichoka kubishana wakatuwekea alawansi ya simu, kiasi kilekile kila mwezi kinaingia na mshahara. Tulishangilia mpaka tulipoona inakatwa kodi kama mshahara, halafu mwezi wa pilika inaisha katikati na huna pa kudai. Bora risiti. Mimi sasa nina laini ya pili ya kazi tu, vocha yote inayoingia humo ni ya ofisi, hakuna asilimia hakuna mjadala.

Mama Hesabu
Kodi inategemea ulipo ila sehemu nyingi iko hivyo, hela ya jumla isiyo na risiti inaonekana ni kipato, ya risiti unarudishiwa tu ya kwako. Hiyo ya laini ya pili ni safi, nawaambia kila mtu.

Kidomo
Sawa nimeelewa, ila vocha za kukwangua mimi natupa, naanza kuzitunza?

Laini Mbili
Vocha ya kukwangua haina jina wala tarehe kaka, haisaidii. Nunua kwa simu, halafu omba kampuni ya simu taarifa ya matumizi ya mwezi, inaonyesha namba ulizopiga na dakika.

Fundi Kioo
Nyie wote mnaongelea vocha, simu yenyewe je? Yangu imedondoka nikiwa napiga picha mzigo wa mteja, kioo chote kimepasuka. Ofisi wanasema simu ni yako. Na hiyohiyo simu yangu wameiwekea programu yao ya kazi ambayo wanaweza kuifuta yote kwa mbali, picha za familia humohumo. Hapo ni yangu au ni yao?

Mama Hesabu
Hilo la kioo nimeona likilipwa na nimeona likikataliwa, ofisi ileile, mameneja wawili tofauti. Kabla hujatengeneza piga picha kioo, na ile picha ya mzigo uliyokuwa unapiga ipo kwenye simu na saa yake, hiyo iambatanishe. Picha za familia zihamishe leo.

Mpigasimu
Nimeingia kwenye ruta sasa hivi. Yangu haionyeshi kwa kifaa, inaonyesha jumla tu. Kwa hiyo nabaki na zile saa na asilimia 13?

Dada wa Faili
Angalia kwenye kompyuta yenyewe ya kazi, kwenye mipangilio ya mtandao kuna matumizi ya data, chukua ya mtandao wa nyumbani tu kwa mwezi uleule, halafu gawa kwa ile jumla ya ruta.