Tupeane uzoefu: ng'ombe wa gredi kutoka bara akishukia Malindi

Mama wa Kakuyuni
Jana nimepita njia ya Ganda nikaona lori linashusha ng'ombe mweusi na mweupe, kiwele kimejaa, watoto wamemzunguka wanashangilia. Nilisimama nikashindwa kuondoka. Mimi nilishusha wa kwangu namna hiyo hiyo mwaka juzi, mvua za masika zikimalizika, na siku ya 23 tukamzika. Nataka nieleze yote, na ninyi mlioletewa ng'ombe kutoka bara mseme yaliyowakuta.

Nilimnunua 110,000 na usafiri 14,000. Pesa za chama pamoja na kiinua mgongo cha mzee. Banda lilikuwa tayari: paa la makuti, sakafu ya zege yenye mteremko, hori, pipa la maji. Nilijua Malindi ni joto, nikaweka makuti juu ili apate ubaridi. Alikuwa akitoa lita 14. Mbili za nyumbani, 12 nauza kwa 70 kila lita, wateja wangu mama wa chai wawili na duka moja Majengo. Wiki mbili nikajiona nimefika.

Siku ya 16 akatoa lita 9. Masikio yakalala, akaacha pumba, akawa ananusa nyasi tu. Nikamwita mtu tuliyeambiwa ni daktari wa mifugo. Hakupima joto. Akasema ni jua la pwani na kubadilishiwa chakula, akamchoma penisilini na vitamini, akachukua 2,500. Siku ya 18 nikamkuta na uvimbe chini ya sikio kama yai la kuku, na mwingine mbele ya bega. Nikampigia tena, akasema ni sindano imevimbisha. Sindano alimchoma pajani!

Siku ya 20 akaanza kukohoa, macho yanatoa machozi. Jirani akaniletea daktari mwingine. Huyu kitu cha kwanza alitoa kipimajoto, kikasoma 41.3. Akashika zile tezi, akafunua sikio kwa ndani akanionyesha kupe wa kahawia wamejipanga. Akasema mama, hii ni ndigana kali, na tumechelewa. Akamchoma dawa yenyewe, siku ya 22 akarudia. Joto lilishuka kweli, nikaanza kumshukuru Mungu. Lakini pumzi haikurudi. Alikuwa anavuta hewa shingo imenyooka, mdomo wazi. Alfajiri ya siku ya 23 povu jeupe likamtoka puani, jingi kama la sabuni, akaanguka. Nilikuwa nimemshika kichwa.

Matibabu yote 11,500. Jumla 135,500 ndani ya siku 23. Na ng'ombe hakutoka bandani hata siku moja, hilo ndilo lililonichanganya.

Mfuga Ganda
Pole sana dada. Hilo povu ukishaliona ndilo la mwisho. Nimelifuta kwa mikono yangu mara mbili.

Mpwani Halisi
Pole mama. Lakini tuseme ukweli, hawa ng'ombe wa baridi si wa huku. Ni joto lile. Mngefuga mbuzi wa maziwa, mbuzi hashikwi na hiyo ndigana. Banda dogo, chakula kidogo, hesabu imekwisha.

Mtibabu Mifugo Gede
Mpwani, kwa ndigana kali umesema kweli, mbuzi hashikwi. Ila ana homa yake ya mapafu, na masika minyoo inammaliza ukiwa umelala. Joto pia linampunguzia ng'ombe maziwa, lakini halivimbishi tezi.

Mama wa Kakuyuni, niruhusu nijibu hilo lililokuchanganya, kwa sababu naliona kila mwaka. Ng'ombe wako hakwenda kwa kupe, kupe waliletwa kwake. Nyasi ulikata wapi?

Mama wa Kakuyuni
Kando ya Sabaki, matete na majani ya kawaida. Na ng'ombe wa majirani hunywa maji pale.

Mtibabu Mifugo Gede
Basi ni hapo. Zebu wa jirani alizaliwa mahali penye ugonjwa huo, aliugua akiwa ndama, akapona, sasa anatembea nao damuni bila kuonyesha kitu. Kupe mchanga akimnyonya, akaanguka, akajibadilisha ngozi, ng'ombe wa pili atakayemuuma ndiye anayepokea. Huyo kupe hupanda kwenye majani akisubiri, na ukikata mzigo wa nyasi unamfungia ndani. Ng'ombe aliyelelewa mahali pasipo na kupe hana kinga hata kidogo. Kuanzia kuumwa mpaka kuugua ni kama wiki mbili, ndiyo maana wengi hufa ndani ya mwezi wa kwanza, mwenyewe akidhani ni uchovu wa safari.

Penisilini haigusi ndigana kali. Oksitetra nayo ugonjwa ukishaonekana haiuponyi. Dawa yake ni buparvakwoni, mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito, kwenye msuli wa shingo, na mara nyingi tunarudia baada ya saa 48. Ng'ombe wa kilo 400 ni mililita 20, zigawanywe sehemu mbili. Siku ya 16 ingeweza kumwokoa. Siku ya 20, mapafu yakishajaa maji, dawa inaua vijidudu lakini maji yanabaki pale pale.

Mwana wa Goshi
Sisi kwetu wazee huzichoma zile tezi kwa chuma cha moto na ng'ombe anapona. Hizi dawa za elfu nne elfu tano ni biashara.

Mfuga Ganda
Anapona zebu, ambaye angepona hata usingemgusa! Wa gredi nimeona akichomwa, akafa na vidonda juu. Tafadhali usiwaambie watu hivyo.

Mwana wa Goshi
Nimesema nilichokiona kwa babangu miaka mingi. Si lazima ukubali.

Muuza Chai Majengo
Mimi nilikuwa mmoja wa wale wateja wa Mama wa Kakuyuni. Siku alipokata maziwa nilinunua mahali pengine kwa chupa, chupa ile ya robo tatu, nikauziwa 60. Pigeni hesabu wenyewe lita inakuwa 80, na ilikuwa nyepesi, chai haishiki rangi. Mama, ukirudi kukamua nijulishe, mimi nataka lita 5 kila siku, na Ramadhani 10.

Kijana Barani
Samahani nauliza tu. Kwa nini hukumchinja siku ya 22 upate hata 40,000 za nyama? Umezika pesa.

Mama wa Kakuyuni
Wanunuzi walikuja mlangoni, wawili. Alikuwa amechomwa dawa siku mbili kabla. Ningemlisha nani nyama ile? Na alipokufa mwenyewe ni nyamafu, tumemzika pale nyuma ya minazi.

Mtibabu Mifugo Gede
Ulifanya haki. Kwenye karatasi ya dawa huandikwa siku za kungoja, za maziwa mbali na za nyama mbali, na za nyama ni nyingi zaidi. Hata maziwa ya siku zile ni ya kumwaga.

Amu Kwetu
Mimi niko Lamu, kisiwani. Kwetu mbuzi wanazunguka mitaani wanakula makaratasi, nikafunga wanne nyuma ya nyumba niwakamue. Kila mmoja alitoa kikombe na nusu. Maziwa ya ng'ombe tunaletewa kwa boti kutoka ng'ambo, Mokowe na Hindi, yakichelewa na jua hili yameganda njiani. Nikadhani wangu watagombewa. Watu wakanuna, wanasema yananuka beberu. Beberu nilimfunga banda moja nao, kumbe harufu hiyo huingia kwenye maziwa. Nilipomtenga, mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa akaanza kununua. Mpaka leo mteja ni yeye tu. Kwa hivyo Mpwani Halisi, hesabu ya mbuzi haijaisha.

Mpwani Halisi
Wako ni wa kienyeji. Mimi nasema mbuzi wa maziwa hasa, aliyechanganywa.

Amu Kwetu
Nipe wewe huyo mteja kwanza, mbuzi nitamtafuta.

Mfuga Ganda
Turudi kwa ng'ombe. Mimi baada ya kupoteza wawili sikununua tena wa bara. Nilitafuta mtamba aliyezaliwa huku huku Kilifi, nusu Sahiwali, na alikuwa na hereni ya chanjo ya ndigana sikioni. Anatoa lita 8, si 14. Lakini huu ni mwaka wa nne yuko hai na amezaa mara tatu. Kila Jumatatu napuliza dawa ya kupe, na kabla ya bomba nachungulia ndani ya masikio na chini ya mkia kwa vidole, kwa sababu bomba halifiki huko. Nyasi nikizikata nazianika juani siku nzima kwanza.

Mama wa Kakuyuni
Kuanika kunaua kupe?

Mfuga Ganda
Mimi naona wanapungua.

Mtibabu Mifugo Gede
Wengine hushuka jua likiwa kali, lakini kupe ni mvumilivu, usitegemee hilo peke yake. Kinga ya kweli ni chanjo. Inachomwa mara moja maishani, karibu na sikio, na siku hiyo hiyo anachomwa oksitetra ya kukaa muda mrefu. Kwa sababu chanjo yenyewe ni vijidudu hai: unamwambukiza kwa makusudi, dawa inazuia visimzidi, mwili unajifunza. Hapo mwanzoni kabisa ndipo oksitetra ina kazi. Achanjwe mzima, si mwenye homa, wala anayekaribia kuzaa. Na asikae na kupe kwa mwezi mmoja mpaka kinga ishike. Anayenunua bara achanjiwe huko huko mwezi huo upite, ndipo apande lori. Wachache inawashtua wakapata homa, kwa hivyo mchanjaji arudi kuwaangalia.

Kijana Barani
Kama ni rahisi hivyo mbona hatuioni madukani?

Mtibabu Mifugo Gede
Hukaa ndani ya naitrojeni, kwenye baridi kali kupita friji yoyote. Kimrija kimoja kikishafunguliwa na kuchanganywa kinatosha ng'ombe kama 40 na lazima kiishe siku hiyo. Mchanjaji hawezi kukifungua kwa ng'ombe wako mmoja, labda ulipie wote 40. Ndiyo maana wenye ng'ombe mmoja mmoja mnakosa, na ndio mnaofiwa.

Mwana wa Goshi
Na zebu wetu wachanjwe pia?

Mtibabu Mifugo Gede
Wakubwa hawana haja sana. Ndama wao ndio wanaokufa mkidhani ni minyoo. Ndama walete.

Mwana wa Goshi
Nina ndama 6.

Mama wa Kakuyuni
Mimi zizi bado tupu. Ila mama wa Ganda mwenye lile lori la jana nimemfuata leo asubuhi nikamwonyesha wapi pa kushika tezi. Amenunua kipimajoto, anapima jioni na asubuhi. Wake hajachanjwa na tayari amefika, sijui tumwambie nini.

Mtibabu Mifugo Gede
Apulizwe leo, si kesho, na nyasi za Sabaki ziachwe kabisa, apewe majani makavu ya mahindi na mashudu ya nazi kwa sasa. Joto likipita 40 usiku wowote anipigie.

Mfuga Ganda
Mimi nina 3 wasiochanjwa, shemeji yangu wa Mambrui ana 5. Na hao 6 wa Goshi.

Muuza Chai Majengo
Nyuma ya kwangu kuna mzee ana 2, nitamuuliza.

Mfuga Ganda
Basi tumefika 16. Wa Watamu na Gede wako wapi?