Oda ya ukili kwa Saada

Dada Rehema: Assalaam alaykum ndugu zangu. Kuna mama wa Pangani anashona mikeka, anataka ukili pima 60 ifikapo Ijumaa ijayo. Pima moja shilingi 500. Nimempa jina la Saada maana yeye yuko nyumbani na mama kutwa. Saada thibitisha.

Dada Rehema: Naona mmesoma. Jibuni basi, leo Alhamisi.

Nassoro: Waalaykum salaam. Hata mimi niko nyumbani kutwa, oda yangu iko wapi 😂

Dada Rehema: Nassoro, kamba ya kiatu tu inakushinda. Tuache.

Zainabu: Jamani na mimi niulize. Kuna kazi ya kujaza fomu kwa simu, wanataka elfu 30 ya kujiandikisha kwanza. Nitume?

Mwajuma: Usitume hata shilingi, Zainabu. Mwenye kazi ndiye anayelipa. Anayeanza kwa kudai kiingilio anataka hiyo elfu 30 tu.

Mjomba Omari: Ukili faida yake ndogo. Saada ashone kofia za mkono, zina bei. Au afunge ubuyu wa kuuza shuleni.

Mwajuma: Kofia zina bei kweli mjomba. Ila shangazi upande wa kushoto hausikii tangu apate kiharusi. Sindano ikidondoka kwenye shuka atailalia usiku kucha na asijue. Ubuyu nao ni chakula, na mikono ya Saada ndiyo inayobadili nepi. Ukili hauna ncha wala hauliwi.

Nassoro: Ubuyu wa Mjomba Omari ule wa Idi nao ulikuwa hauliwi 😂😂

Mjomba Omari: Wewe mtoto.

Dada Rehema: SAADA.

Saada: Samahani dada, nilikuwa namlisha mama. Akishakula namwacha ameegemea mito kama nusu saa asije akapaliwa, na hapo ndipo napata kusuka vizuri. Ukindu naufunga kwa kitambaa kibichi usikauke ukakatika. Akiniita naweka chini, nikirudi nakuta njia zangu palepale. Lakini pima 60 siwezi. Siku mama akitulia natoa tatu. Mpaka Ijumaa ni 24, na hizo ni kama siku zote zitakuwa njema.

Dada Rehema: Na usiku?

Saada: Usiku namgeuza kila masaa mawili, dada. Katikati nalala.

Mwajuma: Dada Rehema, tarehe ya oda ndiyo inayoniogopesha. Mtu akibanwa anasema nimalize kipande hiki kwanza, na zamu ya kugeuza inapita. Nilipokuja juzi shangazi alikuwa na alama kwenye nyonga. Kwa ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo nikapapasa: pana joto na pagumu kuliko pembeni. Hapo ngozi ilikuwa bado nzima. Ikishachanika, kidonda cha kulalia kinachukua miezi, na dawa zake zitakula hela ya ukili yote.

Kaka Bakari: Nimesoma yote. Mimi nashukuru Saada sasa anaingiza. Ndiyo maana mwezi huu sikutuma ya nepi, nikajua zinatoka hapo.

Saada: Kaka, hebu hesabu na mimi. Pima tatu ni 1,500. Toa ukindu na rangi 300, inabaki 1,200. Nepi za mtu mzima pakiti ya kumi nanunua 16,000, yaani moja ni 1,600. Mama anatumia tatu kwa siku. Nikisuka kutwa sijafikia nepi moja.

Kaka Bakari: Sikusema kwa ubaya. Ila kila kitu Bakari, Bakari. Hata minazi ya Mwambani mlisema hivyohivyo.

Dada Rehema: Ya Mwambani tuliyamaliza.

Kaka Bakari: Mliyamaliza nyie.

Nassoro: Bi Mkubwa yuko hapa, nimemsomea. Anasema niandike asemavyo, nisiongeze langu.

Nassoro: "Saada anasuka apate chake mkononi, asiombe hela ya vocha na sabuni. Hicho msikihesabu. Mimi na mama yenu tumenyonya ziwa moja, na nyie wote amewazaa yeye. Bakari, nepi ni zako kama zilivyokuwa. Ya minazi mtanikuta nayo mimi."

Mjomba Omari: Tumesikia dada.

Kaka Bakari: Nimeona.

Dada Rehema: Kuona si kutuma, Bakari.

Dada Rehema: Nimempigia mama wa Pangani. 20 atapokea, ila bei anasema tutaongea. Nani atakaa na mama Jumanne mchana Saada apumzike?

Zainabu: Jumanne nitajaribu. Na ile ya fomu basi nisitume?

Mwajuma: USITUME.

Saada: Rangi nyekundu imeniishia. Atakayepita Mgandini kesho anichukulie pakiti mbili, nitamrudishia.