Tupeane uzoefu: msambazaji amekuletea mzigo unaokaribia kuekspaya, ulimwambiaje akakubali kuubadilisha?

MamaDuka_Kihonda
Wakuu, habari zenu. Nina duka la vyakula hapa Morogoro. Jumanne gari la msambazaji lilinishushia katoni 20 za maziwa ya UHT ya nusu lita, kila katoni pakiti 12. Kijana wangu alihesabu, zikatimia, akasaini delivari noti. Jioni napanga rafu ndipo naona tarehe: zimebaki siku 38. Maziwa haya kwa kawaida hutoka kiwandani na miezi sita.

Nimempigia mtu wa mauzo, anasema, "Dada, hayajaekspaya, uza tu, na mimi nitakupunguzia asilimia 10." Nikikubali naona nitalia mwezi ujao. Nikikataa naogopa watanibania mzigo, maana hapa mtaani ndio wanaoleta kwa uhakika. Aliyewahi kupita hapa aliwaambiaje? Naomba visa vyenu wenyewe, hata kama mlishindwa.

MzeeWaStoo
Pole mama. Kabla ya kuwa na duka langu nilikaa miaka 11 kwenye stoo ya msambazaji, kwa hiyo nimesimama pande zote mbili.

Kwanza ujue mzigo huo haukuletwa kwako kwa ubaya. Stoo ina kanuni kwamba kinachoisha mapema ndicho kinachotoka kwanza. Mpakiaji anachukua katoni iliyo mbele, na haangalii kama inaenda hotelini wanakomaliza katoni tano kwa siku au inaenda kwako. Ndiyo maana ukianza kwa kumwambia "mmenitapeli" anakasirika, na mazungumzo yanaishia hapo. Mwambie hivi: "Mzigo huu ni mzuri, ila haufai kwa kasi ya duka langu." Hilo analielewa, kwa sababu mteja wa kuumaliza anaye.

Sasa nipe namba. Unauza pakiti ngapi kwa siku?

MamaDuka_Kihonda
Asante baba. Nimeangalia daftari la miezi miwili: wastani pakiti 4 kwa siku, Jumamosi kidogo zaidi. Nanunua katoni 24,000, yaani pakiti ni 2,000. Nauza 2,300.

MzeeWaStoo
Vizuri. Siku 38 usizihesabu zote. Wiki ya mwisho mteja anageuza pakiti, anaona tarehe, anairudisha kwenye rafu. Toa siku 7, zinabaki 31. Mara 4 ni pakiti 124. Wewe una 240, kwa hiyo 116 zitakufia mkononi. Kwa bei ya kununulia hizo ni shilingi 232,000.

Asilimia 10 anayokupa kwenye mzigo wote wa 480,000 ni 48,000. Ni pungufu mno. Punguzo lingekuwa na maana kama ungelihamishia lote kwa mteja ukashusha bei ili yatoke haraka, lakini wanunuzi wa maziwa mtaani hawaongezeki mara mbili kwa sababu ya shilingi mia mbili.

Kwa hiyo usiombe wabadilishe katoni 20. Omba 10. Hizo 10 unazobaki nazo ni pakiti 120, utazimaliza kwa siku 30 hivi. Nimeona madai mengi yakikataliwa kwa sababu mtu anadai gari lirudi na kila kitu. Anayekuja na hesabu na kusema "hizi nitazimudu, hizi sitazimudu" ni vigumu kumkatalia. Na fanya leo au kesho. Zikiwa na siku 38 hoteli inazichukua. Zikiwa na siku 12 hata yeye hana pa kuzipeleka, na hapo atakukwepa kweli.

DukaThika
Mimi niko Thika. Dada, usiwabembeleze, sheria iko upande wako. Huku Kenya shirika la viwango, KEBS, wanataka bidhaa iwe na angalau asilimia 75 ya muda wake. Nilimtajia msambazaji wa biskuti akabadilisha siku hiyo hiyo. Nyinyi pia lazima muwe na kitu kama hicho.

MzeeWaStoo
Ndugu yangu wa Thika, hiyo asilimia 75 ipo, lakini ni ya bidhaa zinazoingizwa nchini kutoka nje, na inaangaliwa zinapoingia. Biskuti zako kama zilitoka nje huenda msambazaji aliogopa kuulizwa zimekaa wapi muda wote huo. Maziwa ya mama yametengenezwa hapa hapa, na mauziano ni kati ya duka na msambazaji. Akitaja kanuni isiyomhusu, yule bwana atamuuliza imeandikwa wapi, na mama atakosa jibu. Kinachomlinda ni alichoandika kwenye oda.

DukaThika
Sawa, nimekuelewa. Zilikuwa za nje kweli. Lakini kwangu ilifanya kazi.

Kibopa88
Hata mimi ilinikuta. Nilinunua mtindi dukani, nafika nyumbani umepita siku tatu. Nikarudi na risiti, muuzaji akagoma kabisa. Nifanyeje?

MamaDuka_Kihonda
Pole ndugu, hilo la kwako ni la mteja kwa muuzaji, na kilichopita muda hakitakiwi kuwa kwenye rafu kabisa. Hapa tunazungumzia mzigo ambao bado ni mzima ila muda hautoshi kuuza. Ila umenigusa, kwa sababu ndilo ninaloogopa litokee dukani kwangu.

DLDM_Tabora
Mimi nina duka la dawa muhimu, na kwenye dawa hali ni ngumu kuliko maziwa. Mwaka juzi niliagiza Dar, mzigo ukaja kwa basi. Dawa za maji za watoto zilikuwa zimebakiza miezi miwili. Nikamwambia wa jumla nazirudisha, akasema hapokei, kwa sababu dawa ikishatoka mikononi mwake hajui imekaa kwenye joto gani njiani na dukani kwangu. Nilikasirika sana, lakini nilipotulia niliona ana hoja. Nisingependa nami niuziwe dawa zilizorudishwa na mtu nisiyemjua.

Na dawa ikiisha muda huwezi kuitupa jalalani. Unaitenga, unaiandika, unafuata utaratibu wa TMDA wa kuiteketeza, na gharama ni zako. Kwa hiyo hasara inazidi bei ya kununulia.

Tangu hapo silipi kabla ya kutumiwa picha ya boksi inayoonyesha tarehe na namba ya bechi. Mzigo ukifika nalinganisha bechi. Mara moja picha ilikuwa ya bechi moja na mzigo ukaja wa nyingine. Niliacha boksi zimefungwa vile vile, nikapiga picha kwenye ofisi ya basi, nikawarudishia siku hiyo hiyo, na wakapokea. Nauli ya kurudisha nililipa mimi. Mpaka leo sijajua kama ilikuwa haki.

Jambo jingine: dawa nyingi zimeandikwa mwezi na mwaka tu, bila siku. Msaidizi wangu aliziondoa kwenye rafu tarehe mosi akidhani zimeisha, kumbe zinatumika mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo. Msije mkadai kubadilishiwa kwa kusoma vibaya.

SeliWaBarabarani
Naongea kama mtu wa mauzo, si wa kampuni ya dada. Naomba mtusikilize. Mzigo unaorudi unakatwa kwenye mauzo yangu ya mwezi. Ndiyo maana wengi wetu tunatoa ahadi za mdomo, "usijali, zikikaribia nitakuja kuchukua." Halafu tunahamishwa njia, na anayekuja baada yangu hajui lolote. Dada, ahadi ya mdomo usiikubali hata kama ninayeitoa ni mimi.

Niandikie ujumbe ambao naweza kumpelekea bosi bila kuongeza neno. Wa mteja wangu mmoja ulikuwa hivi, nimebadilisha namba:

"Habari. Mzigo mliouleta tarehe 4, delivari noti namba 318, una katoni 15 za juisi zenye tarehe ya mwisho 20 Agosti, bechi moja zote, picha nimeambatisha. Kwa mauzo yangu nitamaliza katoni 6. Naomba katoni 9 zibadilishwe kwa zenye angalau siku 90, gari litakapopita Alhamisi. Hazijafunguliwa, ziko kivulini juu ya mbao. Naomba jibu kwa maandishi."

Bosi alikubali kwa dakika kumi. Alichopenda ni kwamba katoni hazijafunguliwa na anajua ziko wapi. Dada, kama umeshazipanga zote kwenye rafu, zirudishe kwenye maboksi yake leo.

MzeeWaStoo
Ujumbe mzuri. Ila mimi ningeutuma kwa msimamizi wa stoo pia. Wewe mwenyewe umesema unakatwa, kwa hiyo una sababu ya kuuchelewesha.

SeliWaBarabarani
Ukiniruka, mzee, safari ijayo sitakuwa na moyo wa kukupigania. Mpe mtu wa mauzo siku mbili kwanza.

MzeeWaStoo
Siku mbili kati ya 38 ni nyingi. Hapo hatutakubaliana.

BintiWaGenge
Naongeza moja. Msiangalie tarehe ya nje ya katoni peke yake. Nililetewa katoni za majarini zenye tarehe nzuri nje, kumbe zimefunguliwa zikajazwa za bechi mbili. Gundi ya juu ilikuwa imepita mara mbili, na hapo ndipo nilipoona. Sasa nafungua katoni moja katika kila tano mbele ya dereva, na tarehe naiandika kwa mkono kwenye delivari noti kabla ya kusaini. Dereva akisema ana haraka, naandika "tarehe hazijakaguliwa" kisha nasaini. Mara mbili niliwahi kuandika hivyo, na mara zote mbili akashuka akasubiri.

MamaDuka_Kihonda
Narudi na majibu. Nilituma ujumbe kwa mtu wa mauzo juzi usiku, kwa mtindo huo huo, katoni 10, hesabu ya pakiti 4 kwa siku, na picha. Akasoma, akanyamaza. Jana saa nne nikautuma kwa stoo. Saa nane wakanipigia: wanabadilisha katoni 8, kwa sababu nyingine 12 kijana wangu alikuwa ameshazifungua na kuzipanga.

Leo gari limekuja. Nimemsimamisha dereva, nimefungua mbili kati ya nane, tarehe zina siku 131. Nimeziandika kwenye noti mpya, na zile za zamani wamenisainia kuwa wamezipokea. Nimebaki na katoni 12 za muda mfupi, mbili zaidi ya ninachoweza kumaliza. Nimeongea na mama mwenye mgahawa wa chai hapo stendi, atachukua hizo mbili kwa bei niliyonunulia.

Mtu wa mauzo amepita na gari, hakunisalimia. Kwenye oda ya wiki ijayo nimeandika "maziwa yasiyopungua siku 90". Hajasema ndiyo wala hapana.

DLDM_Tabora
Hongera dada. Na nauli? Gari lao limechukua bure?

MamaDuka_Kihonda
Bure, kwa sababu lilikuwa linapita. Kama lingekuja kwa ajili yangu tu, sijui wangesemaje. Mwenye kisa cha hivyo atuambie.