Naomba ushauri: fumbo la herufi, T ni S au L?

Habari wakuu. Fumbo ni la Kiswahili, kila herufi imebadilishwa kwa nyingine moja:

XQVZVZ XQ JBLBLB DSMRGQ JBTBFQRB JXQ FBCSS RQ DSHSGB RQ FQLB

Herufi ni 50. B imetokea mara 9 na Q mara 8, na kwa kuwa A ndiyo inayoongoza kwa Kiswahili, mtu atakimbilia B. Hapo ndipo pa kuteleza, maana maandishi mafupi hivi hesabu yake hudanganya. Maneno mafupi ndiyo ya kuaminiwa: XQ na RQ yote yanaishia Q, na JXQ ni XQ iliyoongezewa herufi mbele. Hiyo ni "wa" na "kwa", basi Q ni A, X ni W, J ni K. XQVZVZ, yenye silabi ya mwisho iliyorudiwa, ikawa "watoto", na JBLBLB ikawa "kijiji". Katika DSMRGQ, R imetangulia konsonanti G, kwa hiyo ni N ya "nd": "huenda". Hivyo RQ ni "na", si "ya".

Nimebaki na JBTBFQRB. T haipo kwingine kokote, na "kisimani" na "kilimani" zote zinakaa sawasawa. Neno la mwisho, "maji", linanivuta kwenye kisima, lakini hiyo ni maana tu. Herufi ikitokea mara moja, kuna njia ya kuithibitisha kwa herufi zenyewe, au mnaamua kwa maana peke yake?