Ushauri: kusahihisha tafsiri ya piramidi ya idadi ya watu, pau ya 65+ imenivuruga

MwlNzuguni

Wakuu, walimu wa Jiografia naomba msaada. Niko Dodoma, kidato cha nne, nina karatasi 43 mezani na nimekwama kwenye ya 12.

Zoezi lenyewe ni jedwali la kata ya kubuni yenye watu 10,000. Mwanafunzi anachora piramidi, kisha anaifasiri kwa alama 6: umbo 2, makundi ya umri 2, utegemezi 2. Makundi yanapanda kwa miaka mitano mitano kutoka 0–4 hadi 60–64, halafu juu kabisa nimeweka 65+. Kwa ujumla 0–14 ni 4,600, 15–64 ni 4,900, na 65+ ni 500.

Huyu wa 12 amechora vizuri, ila tafsiri yake iko hivi (ameandika kwa Kiingereza, nawawekea kwa Kiswahili):

"Kitako ni kipana kwa hiyo uzazi uko juu. Kileleni piramidi imepanuka tena, hivyo wazee ni wengi na watu wanaishi miaka mingi. Wanaume wa miaka 20 hadi 34 ni wachache kuliko wanawake kwa sababu wamekufa. Uwiano wa utegemezi ni asilimia 51, maana yake nusu ya watu hawafanyi kazi."

Nilitaka nimpe 2 kati ya 6. Halafu nikaangalia mchoro wake, kweli kilele kimepanuka! Je, nimnyime alama kwa kusema anachokiona?

Mgogo_wa_Kibaigwa

Mwalimu usijisumbue. Wazee wengi Tanzania? Hilo ni kosa wazi, sifuri. Hiyo ya wanaume yuko sahihi, pengo katikati ya piramidi ni vifo, mpe tiki. Ila hata wewe jedwali lako lina kasoro. Mzee kwetu ni miaka 60, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema hivyo na mtumishi wa umma anastaafu kwa lazima akifika 60. Ungeanzia wazee hapo.

KalamuNyekundu

Mwalimu, chukua rula kwanza kabla ya kalamu nyekundu. Kama skeli ni sentimita 1 kwa watu 100, wanaume wa 60–64 wana urefu gani, na wa 65+ wana urefu gani?

MwlNzuguni

Wanaume 60–64 ni 95, kwa hiyo milimita 9 na nusu. 65+ ni 220, sentimita 2.2. Upande wa wanawake 105 na 280.

KalamuNyekundu

Basi mwanafunzi wako amechora sawasawa na jedwali ulilompa. Kosa liko kwenye jedwali. Kila pau ya chini imebeba miaka mitano tu, ila ile ya juu imebeba kila mtu kuanzia 65 mpaka mwisho wa uhai, yaani miaka 20 au zaidi imerundikwa kwenye pau moja yenye unene uleule. Lazima itokeze kama kofia pana kwenye kichwa chembamba. Ukifanya hivyo hivyo kwa 50 na kuendelea, itatokeza hata zaidi.

Dawa ni mbili. Iliyo bora ni kupasua kundi hilo kwenye jedwali: 65–69, 70–74, 75–79, kisha 80+. Kilele kitachongoka chenyewe. Kama huna mgawanyo huo, chukulia kundi linaishia 84, yaani makundi manne ya miaka mitano. 220 gawa kwa 4 ni 55, na 280 gawa kwa 4 ni 70. Sasa chora pau yenye urefu wa milimita 5.5 upande wa wanaume na 7 upande wa wanawake, lakini unene wake uwe mara nne ya zile nyingine. Pau zako zikiwa na unene wa nusu sentimita, ya juu iwe sentimita 2. Eneo linabaki kuwakilisha watu walewale 500, na jicho halidanganyiki.

Kuhusu alama: "kileleni imepanuka" ni usomaji sahihi wa mchoro, kwa hiyo alama ya kusoma apewe. "Watu wanaishi miaka mingi" asipewe, maana jedwali lilikuwa mbele yake pia, na 500 kati ya 10,000 ni asilimia 5. Mwanafunzi makini angeona mchoro na jedwali vinagombana. Uamuzi huo uupeleke kwa wote 43, pamoja na hao 11 uliokwisha kuwasahihisha. Wengi watakuwa wameandika hivyo hivyo.

Mgogo_wa_Kibaigwa

Sawa hapo nimekubali. Hiyo ya 60 je?

KalamuNyekundu

Ya 60 una hoja, ila haifuti 65. Mipaka yote miwili inatumika, na kinachotakiwa ni swali liseme. Angalia tofauti: kwa 65 wategemezi ni 5,100 na wa umri wa kazi 4,900, uwiano 104. Kwa 60, wale 200 wa 60–64 wanahamia upande wa wategemezi, inakuwa 5,300 kwa 4,700, uwiano 113. Kama karatasi haikutaja mpaka, aliyeandika 113 na kuonyesha alianzia wapi apewe zote. Aliyeandika 113 bila kuonyesha chochote, mwite umuulize.

Ila ya vifo nakupinga. Tazama umbo. Mwalimu, tupe takwimu za hao vijana, na za 45–49.

MwlNzuguni

20–24: wanaume 290, wanawake 410. 25–29: wanaume 250, wanawake 370. 45–49: wanaume 168, wanawake 172.

KalamuNyekundu

Hapo. Kinachokosekana ni wanaume peke yao, tena wa umri wa kutafuta kazi, na ukifika 45–49 pande mbili zinakaribia kulingana. Ugonjwa au njaa ingekula pande zote mbili. Umbo la namna hii kwenye kata ya kijijini linaelekea zaidi kwenye uhamaji: vijana wametoka kwenda mjini, migodini au mashambani kwingine. Piramidi haiandiki sababu, inaonyesha pengo tu. Kwa hiyo toa alama moja kwa kutaja pengo pamoja na kundi lake la umri na jinsi, na nyingine kwa sababu inayoendana na umbo. Huyu anapata ya kwanza, ya pili hapana. Angeandika "wamekufa vitani" na swali limetaja nchi yenye vita, ningempa.

MamaWaKondoa

Samahani walimu, mwanangu yupo darasa la sita na ana mtihani Ijumaa. Hii piramidi ndiyo ile ya Misri au ni nyingine?

Mgogo_wa_Kibaigwa

Mama hiyo ni nyingine, hii ni ya watu. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, watoto chini, wazee juu. Mwache mtoto asome yake.

ChaguoLaMakulu

Mimi langu liko kinyume. Wanafunzi wangu walichora mtaa ulio jirani na UDOM, pau za 20–24 zimetokeza pande zote mbili kama tumbo. Karibu wote wameandika "miaka 20 iliyopita uzazi ulikuwa mkubwa". Nimewapa alama. Nimekosea?

KalamuNyekundu

Kwa mtaa mmoja, ndiyo, umewapa bure. Hao hawakuzaliwa hapo, wameletwa na chuo. Kipimo chake ni rahisi: kama tumbo limetokana na uzazi, pau za jirani, 15–19 na 25–29, hubadilika polepole. Tumbo la chuo hukatika ghafla juu na chini. Tena kwenye piramidi ya nchi nzima jibu la uzazi lingeweza kusimama, kwa sababu wanaohama ndani ya nchi hawaondoki kwenye hesabu. Eneo likiwa dogo, uhamaji ndio hutawala umbo.

MwlNzuguni

Nimeelewa. Sasa hiyo asilimia 51. Amechukua 5,100 akagawa kwa 10,000.

KalamuNyekundu

Hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote. 51 si namba ya uongo: ni sehemu ya wategemezi katika watu wote. Ila uwiano wa utegemezi unagawanywa kwa watu wa umri wa kazi:

```
(4600 + 500) / 4900 x 100 = 104
```

Namna ya kumtambua haraka bila kukokotoa upya: jumla ya wategemezi ikiwa kubwa kuliko ya umri wa kazi, jibu lazima lizidi 100. Aliyepata chini ya 100 hapa amegawa kwa watu wote au amesahau kundi moja. Ukiona 94, huyo amesahau wazee. Ukiona 10, amesahau watoto.

Alama 2 zako zigawe hivi: hesabu 1, maelezo 1. Ya hesabu huyu hapati. Kama unatoa nusu, mpe nusu kwa kujumlisha wategemezi sahihi. Ya maelezo ni shughuli zaidi. Angeandika "nusu ya watu wako nje ya umri wa kazi" ningempa, kwa kuwa linaendana na namba yake. Ila ameandika "hawafanyi kazi", na hicho si kinachopimwa. Kinachopimwa ni umri. Kijana wa miaka 25 asiye na ajira amehesabiwa upande wa wabebaji.

Na usiwape alama wanaoishia "mzigo ni mkubwa". Mzigo wa nani? Kati ya hao 104, watoto ni 94 na wazee 10. Jibu la kidato cha nne liseme shinikizo liko kwenye madarasa, chanjo na chakula cha watoto. Aliyeandika pensheni na nyumba za wazee hajalisoma umbo.

ChaguoLaMakulu

Nina mmoja ameandika: "Babu zetu wa Hombolo wana miaka 70 na wanalima zabibu, kwa hiyo uwiano huu unatia chumvi." Nikamwekea alama ya kuuliza.

KalamuNyekundu

Mpe. Huyo ameona mpaka wa kipimo kuliko wengine wote.

Mgogo_wa_Kibaigwa

Mimi simpi. Mwongozo wa kusahihishia hauna babu. Akienda mtihani wa taifa akaandika zabibu atakatwa, na utakuwa umemzoesha wewe.

KalamuNyekundu

Akiandika babu baada ya 104 na ufafanuzi wake, nani atamkata? Akiandika babu badala ya 104, hapo nakubaliana nawe.

MwlNzuguni

Basi wa 12 nampa 3 na nusu: umbo 2 kwa kitako na kilele alivyovisoma, makundi 1 kwa pengo la wanaume, utegemezi nusu. Narudia zile 11 za mwanzo usiku huu. Jedwali nalipasua hadi 80+ na ninaandika juu ya swali "umri wa kazi ni 15–64".

Mgogo_wa_Kibaigwa

Andika na skeli. Usipoandika utaletewa piramidi tatu kwenye ukurasa mmoja wa daftari.